Mapaa mawili ya Tanga: picha zimeniambia nini hadi sasa

Nyumba zilizobaki kwenye orodha yetu ya kununua ni mbili. Moja iko Raskazone, karibu na bahari, na kutu ya bati zake inaonekana hata kwenye picha ndogo. Nyingine iko Pongwe, paa lake limepakwa rangi ya buluu na linang'aa. Dalali wa Pongwe ameniandikia, "Dada, hilo paa halina kazi, wewe ni kuhamia tu." Kabla ya kumlipa fundi apande, wiki hii nimezikalia picha.

Picha za mwanzo hazikufaa. WhatsApp huibana picha, na vichwa vya misumari hupotea. Niliwaomba madalali wazitume kama dokumenti, na wapige upya: nyumba ikiwa katikati ya picha, kamera ikitazama ukuta moja kwa moja, jua likiwa chini asubuhi au jioni. Jua la saa sita halitoi kivuli, hivyo hata paa lililobonyea huonekana limenyooka.

Raskazone kwanza. Upande unaotazama bahari ni wa kahawia, upande wa pili bado una rangi ya bati. Nilitaka kujua kama ni vumbi jekundu au kutu, basi nikaomba picha baada ya mvua. Vumbi lingeoshwa, rangi ile ilibaki. Pale bati zinapolaliana kuna mistari iliyokolea zaidi, kwa sababu maji yanayoingia katikati ya bati mbili hayakauki upesi. Picha iliyonisaidia kuliko zote ni ya chini ya ukingo wa paa. Mvua huosha chumvi iliyo juu ya bati, lakini chini haifiki, kwa hiyo chumvi hukaa na kula. Hapo kutu imeshafanya magamba.

Kisha mlinzi akapiga picha ndani ya dari, mchana, bila kuwasha taa ya simu. Vitundu vya mwanga vinaonekana upande wa bahari, vingi vikiwa karibu na misumari. Bati hizo zimekwisha, sina shaka. Lakini safu za misumari, ambazo hufuata papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, zilizo chini yake, zimenyooka kutoka mwisho hadi mwisho, na kofia inayofunika kilele cha paa pia. Hilo linanipa moyo kuhusu mbao.

Pongwe imenichukua muda mrefu zaidi. Niliichapisha picha kwenye karatasi ya A4 pale steshenari, nikaweka rula kutoka ncha moja ya kofia hadi nyingine. Katikati kofia iko chini ya rula kwa milimita 3. Ili kujua ni kiasi gani juu ya nyumba yenyewe, nilitumia mawimbi ya bati. Bati za kawaida za mawimbi huwa na takriban milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, hivyo mawimbi 10 ni sentimita 76. Kwenye karatasi, mawimbi 10 yaliyo jirani na kofia yalichukua milimita 19. Basi milimita 3 ni kama sentimita 12. Nikikosea nusu milimita kwa rula, hesabu inasogea sentimita 2 tu, na bado mbonyeo ni mkubwa.

Lenzi ya simu nayo hupinda mistari, hasa pembeni mwa picha. Nikaweka rula kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na juu ya madirisha katika picha ileile: kote kumenyooka. Kilichoshuka ni kofia. Ingekuwa katikati ya mteremko tu, ningezishuku papi. Kofia ikishuka, shaka yangu inakwenda kwenye kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa zima. Huenda mchwa wameingia, au ukuta wa ndani uliokuwa ukizibeba ulivunjwa. Picha za nje haziwezi kuamua.

Rangi ile pia si ya kiwandani. Imefunika vichwa vya misumari pamoja na mipira yake, na imechuruzika kwenye fishabodi. Nilipoikuza picha ya jioni niliona vipande vya mraba visivyong'aa kama sehemu nyingine, vimepangana chini kidogo ya kofia, palepale paliposhuka. Ni viraka. Paa likibonyea, kofia huachana na bati na maji hupata njia. Mtu ameziba mara kadhaa, kisha akapaka rangi juu.

Kwa sasa naipendelea Raskazone yenye kutu. Kubadilisha bati za upande mmoja ni kazi inayopimika. Pongwe itabidi kuezua, kurekebisha kenchi, ndipo kuezeka tena, na gharama yake hakuna atakayeitaja kabla ya kuona mbao.

Jumamosi fundi anapanda Raskazone na bisibisi, achome mbao za upande wa bahari aone kama zimelainika. Dalali wa Pongwe nimemwomba picha ya ndani ya dari, chini ya ule mbonyeo. Bado hajaituma.