Bamba la reli ya mashua lililobanduka magamba

Kwenye mteremko wa kuvutia mashua hapa Tanga, bamba la chuma laini ambalo rola za toroli hupita juu yake lilianza kubanduka magamba. Lilikuwa limefanywa gumu juu kwa kina cha milimita 0.3 tu. Nililipima gamba moja: unene wake karibu nusu milimita. Hapo nikajua tatizo limeanzia chini, si usoni.

Kila rola ilikuwa na kipenyo cha milimita 100, upana 50, na ilibeba kilonyutoni 40. Kwa chuma juu ya chuma, E*, yaani moduli ya unyumbufu ya pamoja, ni megapaskali 115,400. F ni mzigo, R ni nusu kipenyo cha rola, L ni upana wake, b ni nusu ya upana wa mguso, na p ni shinikizo la juu kabisa kwenye mguso:

```
b = √(4FR/(πLE*)) = 0.66 mm
p = 2F/(πbL) ≈ 767 MPa
```

Mkazo wa kukata hufikia kilele kwenye kina cha 0.78b, yaani milimita 0.52, ukiwa 0.30p, takriban megapaskali 230. Kina hicho kiko chini ya ngozi ngumu, ndani ya chuma laini kinachoanza kulegea kwenye 125 hivi.

Niliweka bamba jipya, na rola za kipenyo 200 na upana 100, kingo zikiwa zimeviringwa kidogo. Kina cha kilele hakikubadilika, ila mkazo ulishuka hadi 115. Hesabu hii inafaa rola inayobingirika vizuri. Ikikwama na kuburuzwa, kilele hupanda kuelekea usoni, kwa hiyo beringi tunazipaka grisi kabla ya kila mashua.