YouTube niliyokaribia kuizima

Duka letu la magodoro hapa Kisumu lilipima matangazo kwa mbofyo wa mwisho, yaani tangazo la mwisho kubofywa kabla ya mteja kununua lilipewa sifa yote. Kati ya mauzo 40 ya mtandaoni mwezi ule, tangazo la utafutaji wa jina la duka lilipewa 31, YouTube 2. Bosi akasema, "Zima hiyo YouTube."

Nikafungua `Attribution models` kwenye Google Analytics, nikalinganisha na `Data-driven`, inayogawa sifa kati ya matangazo aliyopitia mteja. YouTube ikapanda hadi 9.5, utafutaji ukashuka hadi 23.5. Mauzo ni yaleyale 40. Mteja alibofya video, akaondoka, wiki ijayo akaandika jina letu, kwa hiyo sifa imegawanywa. Ndiyo maana ya nusu mauzo, iliyomchekesha bosi.

Hata hivyo huo ni ukadiriaji tu. Tulizima YouTube wiki mbili: waliotafuta jina letu wakapungua. Tukairudisha.