Siku ya nne sokoni: kufuatilia mauzo ya siagi ya karanga

Saa 1 asubuhi. Siagi yetu ya karanga, kopo la gramu 400, iliingia madukani Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Maduka 20 ya Sinza na Mwenge yalipewa makopo 15 kila moja kwa mali kauli. Hayo makopo 300 siyaiti mauzo. Yametoka stoo yetu yakaingia stoo za wengine, basi. Ninachohesabu ni kopo alilobeba mteja.

Saa 2. Lengo la wiki ni makopo 420, lakini siligawi kwa saba. Wateja hununua zaidi kuanzia Ijumaa, kwa hiyo siku nne za mwanzo tumezipangia 40, 45, 45 na 50, jumla 180. Ukigawa sawasawa utadai 240 kufikia leo jioni, na utamtia tajiri hofu ya bure.

Saa 4 hadi saa 9, mzunguko wa maduka. Kila duka lina mstari wake kwenye jedwali:

```
=B2+C2-D2-E2
```

B ni yaliyokuwepo jana, C yaliyoongezwa, D yaliyorudishwa, E yaliyobaki leo, na jibu ni yaliyouzwa siku hiyo. Kosa kubwa hutokea kwenye E. Ukipiga simu, muuzaji atakujibu "yamebaki kama sita hivi", naye hajageuka hata kutazama shelfu. Lazima ufike, uhesabu kwa mkono, kisha uulize katoni iko wapi.

Swali hilo la katoni ndilo lililofichua mambo leo. Katika maduka matano, katoni iko chini ya kaunta, gundi haijabanduliwa, makopo yote 15 yamo ndani. Maduka mawili mengine yaliishiwa tangu jana jioni na hayakutuambia.

Saa 10, hesabu tangu Jumatatu. Yamebaki 162, matatu yamerudi kwa kuvuja mafuta kwenye kifuniko. Yaliyouzwa ni 135, yaani asilimia 75 ya lengo la 180. Ukiishia hapo utasema bei iko juu. Lakini hayo 135 yametoka kwenye maduka 15 tu, wastani wa 9 kwa duka, na lengo la kila duka kufikia leo ni hizo hizo 9. Penye kopo shelfuni, linanunuliwa.

Saa 1 usiku, ripoti kwa mwenye mali:

"Shikamoo mama. Hadi leo tumeuza 135, lengo 180. Maduka 5 hayajafungua katoni, 2 yameishiwa. Yaliyobaki yanakwenda vizuri. Naomba tusishushe bei. Kesho asubuhi tunapanga shelfu kwenye hayo 5 na kupeleka makopo 12 kwa kila duka lililoishiwa."

Akajibu: "Marahaba. Bei ibaki. Na vile vifuniko?"

Makopo matatu yaliyovuja nimeyaweka mezani, namba za toleo zikiangalia juu. Mawili ni ya toleo moja. Saa 12 alfajiri nitakuwa stoo kukagua katoni za toleo hilo kabla gari halijapakia.