Siku moja maishani mwangu: maneno mawili, saa nane

Saa 2:30 asubuhi

Kazi ya leo ya kutafsiri ina maneno mawili tu. Mteja anauza tochi ndogo ya kuchaji, na tangazo lake la Kiingereza, "Travel light", linamwambia mtu asafiri, kisha linamalizia kwa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mwanga na kwa wepesi vilevile. Kwao ni msemo wa kawaida wa kusafiri bila mizigo mingi. Ukiweka picha ya tochi pembeni, maana ya pili inachomoza yenyewe. Brifu, yaani maelekezo ya kazi, inataka maneno yasiyozidi matano, yatakayokaa kwenye boksi na kusikika redioni.

Mteja ameambatanisha jaribio lake mwenyewe: "Safiri na mwanga." Nililisoma kwa sauti, dada wa meza ya jirani akaangua kicheko. Mwanga ni nuru, sawa, lakini mwanga pia ni mchawi, yule anayewanga usiku. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi atembee gizani na mchawi. Kwenye sentensi ndefu hakuna ambaye angeliwaza hilo. Kwenye maneno matatu yasiyo na muktadha, maana mbaya ndiyo inayotangulia.

Saa 3:15

"Safiri mwepesi" nayo nimeifuta. Mtu mwepesi kwetu ni mchangamfu wa mwili, au amepungua kilo. Mizigo haimo kabisa.

Saa 4:00

Hapa ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Kiswahili hakina neno moja linalobeba nuru na wepesi, na kulitafuta ni kupoteza muda. Niliandika kwenye karatasi kile ambacho msomaji anatakiwa kubaki nacho: kitu kidogo, hakilemei, na giza halikusumbui tena. Kisha nikaanza upya kutoka hapo, bila kuutazama ule Kiingereza.

Ya kwanza kutoka: "Nyepesi mkononi, kali gizani." Si mbaya. Taa kali ndivyo watu wanavyosema, na mizani ni 7 kwa 5. Ila kina cha "-ni" ni cha bure, maana maneno mengi ya mahali yanaishia hivyo, na sikio limeshakichoka. Halafu inaeleza tu. Ile ya Kiingereza inakonyeza jicho.

Nikajaribu "Jua mfukoni." Ilinichekesha kwa sababu "jua" pia ni amri ya kufahamu. Lakini jua linachoma, na betri inayochoma mfukoni si habari njema. Tena mnunuzi atadhani tochi inachajiwa kwa umeme wa jua, na haichajiwi hivyo. Hapo tungekuwa tunadanganya.

Kutoka jua hadi mchana ni hatua moja. "Mchana mfukoni." Ukubwa na wepesi umo ndani ya mfuko, nuru imo ndani ya mchana, na "m" inagonga mara mbili mwanzoni mwa maneno. Hakuna kitenzi, na sikukihitaji.

Saa 7:00 mchana

Chakula, haraka.

Saa 7:40

Jaribio langu ni la kizamani: nasoma maneno bila picha, mara moja tu, kisha namwomba msikilizaji ayarudie na kuniambia yanauza nini. Niliwapigia watu sita simu. Wanne walisema taa au tochi. Wa tano alisema benki, nikamwelewa. Wa sita, shangazi yangu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mchanga mfukoni? Mwanangu, unauza nguo za ufukweni?"

Mchana, mchanga. Machoni herufi moja inawatenganisha vizuri, ila kwenye spika mbovu ya redio hazitengani. Nilirudia kwa simu nyingine mbili, mmoja tena akasikia mchanga.

Saa 8:30

Sikutaka kulitupa. "Asubuhi mfukoni" inasikika wazi, lakini asubuhi ni polepole mno, ni ya mtu anayepiga miayo. Dawa ikawa kulitangulizia neno litakaloliandaa sikio: "Usiku nje, mchana mfukoni." Aliyekwisha kusikia usiku anasubiri mchana, mchanga haumjii tena. Maneno manne, mizani 5 kwa 7. Nilimpigia shangazi tena. "Aa, tochi!"

Saa 10:00 jioni

Mteja hasomi Kiswahili, kwa hiyo kila pendekezo nimelirudisha kwa Kiingereza neno kwa neno, na chini yake mistari miwili ya sababu. Bila sababu ataona tu kwamba kusafiri kumepotea. Boksi libaki na "Mchana mfukoni" peke yake, kwa kuwa picha ya tochi ipo. Redio ipate yote manne. Suala la mchawi nalo nimelieleza, kwa heshima.

Saa 10:35

Amejibu: anapenda, ila anauliza kama tunaweza kuongeza "safiri" mwanzoni.