Siku moja maishani mwangu: picha ya ankara na tarakimu za benki

Saa mbili asubuhi ninafika ofisini Shimanzi, ambako ninashughulikia malipo ya duka linaloagiza vipuri vya malori. Bosi amekwisha kunitumia picha ya ankara ya Kijerumani aliyoipiga kwa simu, na karatasi ina mkunjo uliopita katikati ya maelezo ya benki.

Saa tatu ninaipitisha kwenye programu ya kutafsiri. `Empfänger` inatoka kuwa mpokeaji, naye ndiye wa kujazwa penye `Beneficiary Name` kwenye fomu ya benki yetu. `Verwendungszweck` inatoka kuwa madhumuni, na asiyejua ataandika "vipuri", ilhali kinachotakiwa ni namba ya ankara, ile tunayoijaza penye `Reference`. Bila namba hiyo, pesa zitafika lakini mhasibu wa huko hatajua zinalipia deni lipi, na mzigo utakaa.

Saa nne ninaanza tarakimu, na hizi sizinakili kutoka kwenye tafsiri hata kidogo, kwa sababu programu husoma picha kwanza ndipo itafsiri, na penye mkunjo 8 husomwa 3 na 0 husomwa O. IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki, ina kinga yake. Ya Ujerumani ina herufi na tarakimu 22, kama hii ya mfano, DE89 3704 0044 0532 0130 00, na ile 89 ni ya ukaguzi: DE89 ikihamishiwa mwisho, D ikageuzwa 13 na E 14, namba nzima ikigawanywa kwa 97 lazima ibaki 1. Tarakimu moja tu ikibadilika, hesabu haikubali na fomu huikataa.

`Reference` haina mlinzi wa namna hiyo. Leo tafsiri imeandika RE-20337, na benki ingeipokea bila swali. Kijana wa stoo amekuja na karatasi yenyewe, ananisomea tarakimu mojamoja huku nikifuata kwa kalamu, akanizuia: "Dada, hapo ni nane, si tatu." Ni RE-20387. Kiasi nacho kimeandikwa 12.450,00, kwa kuwa Wajerumani hutenga maelfu kwa nukta na senti kwa mkato, kwa hiyo kwenye fomu ninaandika 12450.00.

Saa sita ninalinganisha IBAN na ya malipo yaliyopita, maana ile hesabu ya 97 huonyesha kwamba tarakimu zinapatana, haionyeshi akaunti ni ya nani. Ingekuwa tofauti, ningempigia muuzaji kwa namba ya simu tuliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyo kwenye ankara mpya. Leo ni ileile, bosi anaidhinisha.

Saa tisa benki inaleta nakala ya malipo. Ninaisoma tena sambamba na karatasi, mstari kwa mstari, kisha ninamtumia muuzaji pamoja na namba RE-20387 niliyoiandika kwa mkono wangu.