Sentensi ya maneno 73

Jumamosi nzima imeishia kwenye sentensi moja. Si yangu. Ni ya binti mmoja aliyemaliza shahada ya uzamili mwaka huu. Tasnifu yake aliiandika kwa Kiingereza, na sasa anatengeneza makala ya Kiswahili kuhusu wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja. Msimamizi wake alimrudishia rasimu na maneno matatu pembeni: "Ndefu mno. Vunja." Hakumwambia avunjie wapi. Basi akaniletea mimi.

Naiweka hapa kama ilivyokuja, kwa ruhusa yake:

"Utafiti huu umebaini kwamba ukulima wa mwani ambao unafanywa zaidi na wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambao umekuwa ukikabiliwa na changamoto ya ongezeko la joto la maji ambalo linatokea katika maeneo ya kina kifupi ambapo mashamba mengi yapo, ambapo aina ya kotonii ambayo ina bei kubwa imekuwa ikishindwa kukua, unaweza kuendelea endapo wakulima ambao hawajui kuogelea watapatiwa mafunzo na vyombo vitakavyowawezesha kufika katika maji ya kina kirefu ambako joto halipandi sana."

Maneno 73, na "amba-" nane. Kisarufi sentensi haina kosa, ila haishikiki. Nilipiga mstari chini ya kiima, "ukulima wa mwani", kisha nikatafuta kitenzi chake. Nikakikuta mbali huko: "unaweza kuendelea". Katikati yao kuna maneno 44. Msomaji anabeba kiima kichwani kama ndoo ya maji, na kila hatua anaongezewa ndoo nyingine kabla hajaitua ya kwanza.

Kitu cha pili nilichokiona ni huo "ambao" unaofuata baada ya Unguja. Kiswahili kina tabia moja ya kuponza: "ambao" ni mmoja kwa wanawake, kwa mwani na kwa ukulima. Ngeli tatu, kirejeshi kile kile. Kwa kuwa neno lililo karibu ni "wanawake wa pwani", nilipofika kwenye "ambao" nilidhani tunaendelea na wanawake. Kitenzi "umekuwa" ndicho kilichonikatalia, nikarudi nyuma. Hata niliporudi sikujua kama kinachokabiliwa na joto ni mwani au ukulima. Nilimuuliza kwa simu. Akanyamaza kidogo, halafu: "Mwani, mwalimu. Nadhani mwani." Hiyo "nadhani" ndiyo iliyonifanya nikae chini na kalamu.

Mwenzake "ambayo" naye ni hivyo hivyo. Ukiandika "mabadiliko ya hali ya hewa ambayo", kirejeshi hakikwambii kama unasema mabadiliko au hali, mpaka kitenzi kije na "ya-" au "i-". Mwandishi aliyechoka huchanganya hapo, na mhariri aliyechoka hupitisha.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya. Nilitafuta vitenzi vyote, nikakipa kila kimoja sentensi yake:

"Wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Wanalima pwani ya mashariki ya Unguja. Mashamba mengi yako kwenye maji ya kina kifupi. Maji hayo yanapata joto. Kotonii ina bei kubwa. Kotonii inashindwa kukua. Maji ya kina kirefu hayapati joto sana. Baadhi ya wakulima hawajui kuogelea. Wakulima wanahitaji vyombo."

Fupi, ndiyo. Lakini inasomeka kama karatasi ya kutumwa dukani. Bei na kutokukua vimekaa jirani, msomaji akajiuliza kama bei ndiyo inayoua mwani. Vishazi tegemezi vilikuwa na gundi, japo mbovu. Mimi nimebandua gundi yote, nikaacha vipande vitupu.

Hata hivyo, orodha hiyo si ya kutupa. Nimezoea kuitumia kama kituo cha katikati. Kati ya kila sentensi na inayofuata naandika swali kwa penseli: kwa sababu gani? Ikawaje? Lakini je? Lini? Jibu la swali ndilo kiunganishi. Na pasipo na jibu, huwa ni pale pale ambapo mwandishi mwenyewe hakuwa ameamua.

Tazama "ambapo" mbili za kwenye sentensi yake. Ya kwanza, "ambapo mashamba mengi yapo", ni ya mahali kweli, haina ugomvi. Ya pili, "ambapo aina ya kotonii… imekuwa ikishindwa kukua", si mahali wala wakati. Ni kamba tu ya kufungia mzigo. Nilimuuliza: kotonii inashindwa *kwa sababu ya* joto, au inashindwa *huku* joto likipanda? Akasema yeye hakupima joto. Aliwahoji wakulima, na wao ndio waliosema ni joto. Kumbe "ambapo" ilikuwa imeficha jambo zito: nani anadai kwamba kuna sababu na matokeo. Ningeandika "kwa hiyo kotonii inashindwa", ningekuwa nimempa dai ambalo hakulifanyia kazi.

Hapo tukafika kwenye kitu kinachonitisha zaidi katika kazi hii ya kuvunja. "Utafiti huu umebaini kwamba" ni mwamvuli. Kila kilichofuata kilikuwa chini yake. Ukikata sentensi, kipande cha kwanza kinabaki na mwamvuli na vingine vinatoka juani. Msomaji hawezi kujua kama ni matokeo ya utafiti, maneno ya wahojiwa, au jambo linalojulikana siku zote. Kwa hiyo kila kipande ilibidi kiulizwe: umekitoa wapi? Kwamba wakulima wengi ni wanawake, hilo linajulikana tangu zamani, halihitaji "umebaini". Kwamba kotonii haikui, wamesema wakulima. Kwamba mafunzo na vyombo vitasaidia, hilo halikubainiwa popote. Ni pendekezo lake.

Kisha mtego wa "wakulima ambao hawajui kuogelea". Kuna "amba-" inayoongeza habari na kuna "amba-" inayochagua. Ile ya kwanza, "ambao unafanywa zaidi na wanawake", inaongeza habari tu, kwa hiyo inakatika bila kuumiza. Hii inachagua: si wakulima wote, ni hao wasiojua. Ukiikata ukaandika "Wakulima hawajui kuogelea. Wapatiwe mafunzo," umeshawazamisha wote. Na kuna swali lingine lililojificha humo: vyombo ni vya hao hao, au vya kila mtu? Kisarufi, ni vya hao hao. Yeye alikusudia kila mtu.

Kabla hatujaandika upya nilimwomba anieleze jambo lote kama anavyomweleza mama yake, ambaye naye analima mwani. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Maji madogo, jua likiwaka yanakuwa moto. Kotonii haitaki moto, basi inakufa. Kule kwenye maji makubwa hakuna moto hivyo, lakini vyombo hatuna, na wengine kuogelea hatujui." Nilicheka peke yangu. Viungo vyote vimo: -ki- ya "likiwaka", "basi", "lakini". Mdomoni hakuna "ambapo" hata moja. Inatoka wapi, basi? Nadhani sehemu kubwa inatoka kwenye tasnifu yenyewe, kila "which" na "whereby" ya Kiingereza ikivishwa kanzu ya "amba-".

Rasimu yangu ya pili nayo haikupona. Niliandika: "Kotonii haistahimili joto. Ndiyo maana wakulima waliohojiwa walisema imekuwa ikishindwa kukua." Niliona imenyooka. Binti ndiye aliyenishika: "Mwalimu, hapo umesema joto ndilo lililowafanya *waseme*." Kweli kabisa. Kiunganishi hudandia kitenzi kikuu kilicho karibu, na hapo kitenzi kikuu ni "walisema", si "ikishindwa". Nimehariri miaka mingi na hilo lilinipita.

Tulichomaliza nacho, saa moja usiku, ni hiki:

"Katika pwani ya mashariki ya Unguja, wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Mashamba yao mengi yako kwenye maji ya kina kifupi, na kwa kuwa maji hayo ni machache, hupata joto upesi. Wakulima waliohojiwa walisema kwamba kotonii imekuwa ikishindwa kukua katika mashamba hayo. Kwa maoni yao, chanzo ni joto. Hasara hiyo ni kubwa kwa sababu kotonii ina bei kubwa kuliko spinosum, aina wanayobaki nayo. Katika maji ya kina kirefu joto halipandi sana. Hata hivyo, wakulima wengi hawafiki huko, kwa sababu hawana vyombo na baadhi yao hawajui kuogelea. Kwa hiyo utafiti huu unapendekeza mambo mawili: wakulima wote wapatiwe vyombo, na wale ambao hawajui kuogelea wafundishwe."

Sentensi nane, maneno 103. Imerefuka. Hilo lilimshtua, maana jarida lina kikomo cha maneno. Lakini maneno yaliyoongezeka ni yale yaliyokuwa yamefichwa: nani alisema, kwa nini hasara inauma, vyombo ni vya nani. Kama ni lazima kupunguza, apunguze mahali pengine.

Tulibishana kidogo juu ya viunganishi vyenyewe. Alitaka "Aidha" mwanzoni mwa sentensi ya spinosum. Nilikataa, kwa kuwa "aidha" inaongeza jambo la pembeni, na bei ilikuwa ikieleza uzito wa hasara, si jambo la pembeni. Zaidi ya hayo, siku hizi nusu ya wasomaji wanaitumia kwa maana ya "ama… au", wataisubiri hiyo "au" mpaka mwisho wa aya. Alitaka pia "Kwani" ianze sentensi. Katikati ya sentensi haina shida, lakini ikianza na herufi kubwa mimi nasikia mtu anauliza kwa ukali: kwani vipi? Na pale alipokuwa ameandika "Ingawa maji ya kina kirefu yana joto dogo, lakini…", nikafuta "lakini". Moja inatosha.

"Amba-" imebaki moja, kwa wasiojua kuogelea. Aliuliza kama nayo tuitoe, iwe "wasiojua". Inawezekana, ni fupi zaidi. Mimi niliipenda ibaki, kwa sababu pale ndipo kuchagua kunapotakiwa kuonekana. Yeye bado hajaamua.

Aya inayofuata ina "kutokana na" tano. Mbili ni za sababu, mbili ni za "kwa mujibu wa", na moja hatujui. Amesema atampigia mama yake kwanza.