Mizania ilikubali, lakini mjomba alikuwa amepunjwa 960,000

Nimetunza hesabu za ubia wetu miaka kadhaa sasa, na nasema kwa fahari kwamba tangu nilipoirekebisha ile ya mwaka wa kwanza hakuna mbia aliyewahi kuondoka mezani na kinyongo. Lakini hiyo ya mwaka wa kwanza ilinikosesha usingizi wiki nzima, na chanzo chake ni ushauri niliopewa na mtu aliyejiita mtaalamu, nikaufuata bila kuuliza.

Tuko watatu. Mjomba aliweka mtaji wa milioni 6, akatuachia kazi. Dada yangu aliweka milioni 2, na ndiye anayeshinda karakanani kila siku. Mimi niliweka milioni 2 mwanzoni mwa mwaka, nikaongeza milioni 1 tarehe 1 Oktoba. Tuliandikiana hivi: kila mtaji upate riba ya asilimia 8 kwa mwaka, dada apate mshahara wa 150,000 kwa mwezi, mimi 50,000 kwa mwezi kwa ajili ya vitabu, na faida itakayobaki tuigawe kwa uwiano wa 2:2:1, mjomba mbili, dada mbili, mimi moja.

Mantiki yake ni nyepesi. Riba inamtuliza aliyeweka fedha nyingi, mshahara unamlipa anayetoa jasho, na uwiano unahusu kile kinachobaki baada ya hao wawili kuridhishwa. Bila hiyo riba, mjomba mwenye milioni 6 na dada mwenye milioni 2 wangepata sawasawa, na mjomba asingekuwa na sababu ya kuacha fedha zake kwetu.

Sasa ule ushauri. Huyo bwana aliniambia, “Mshahara ni mshahara. Wa mbia, wa kibarua, vyote ni gharama. Uweke kwenye leja ya mishahara.” Basi kila mwisho wa mwezi, dada akichukua 150,000 zake nami 50,000 zangu, niliandika gharama ya mishahara upande wa debiti, fedha taslimu upande wa krediti. Miezi 12, jumla 2,400,000. Leja ilikuwa safi, nami nikafurahi.

Mwisho wa mwaka nikafunga hesabu ya faida na hasara, ikanipa faida halisi ya 2,320,000. Nikafungua akaunti ya mgawanyo wa faida kama mkataba ulivyotaka. Riba ya mjomba 480,000, ya dada 160,000. Yangu 180,000, kwa sababu milioni 2 za mwaka mzima zilizaa 160,000, na ile milioni niliyoongeza Oktoba ilikaa miezi mitatu tu, kwa hiyo ilizaa 20,000 na si 80,000. (Hapo wengi huteleza, wakakokotoa riba kwa salio la mwisho wa mwaka. Tazama tarehe fedha ilipoingia.) Kisha nikaandika mishahara kwa sababu mkataba ulisema ilipwe kabla ya mgawanyo: dada 1,800,000, mimi 600,000. Riba na mishahara vikafika 3,220,000, na faida niliyokuwa nayo ni 2,320,000. Pengo la 900,000. Nikaligawa kama hasara kwa 2:2:1, mjomba akabeba 360,000, dada 360,000, mimi 180,000.

Nikapiga jumla ya kila mmoja. Mjomba 120,000, dada 1,600,000, mimi 600,000. Jumla yao 2,320,000, sawa na faida yenyewe. Mizania nayo ikakubali pande zote mbili hadi senti ya mwisho. Nikamtumia mjomba.

Alinipigia usiku uleule. Hakufoka. “Mwanangu,” alisema, “karakana imejaa kazi mwaka mzima. Milioni 6 zangu zimezaa 120,000, na dada yako anadai 1,600,000 juu ya zile alizokuwa akichukua kila mwezi. Nieleze taratibu, nielewe.”

Sikuweza kumweleza. Nilirudia kujumlisha mara tatu, nikakagua urari, nikalinganisha kila stakabadhi na fedha za benki. Kila kitu kilikubali, na hicho ndicho kilichonitesa, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba mizania ikikubali hesabu ni sahihi.

Jibu lilikuwa kwenye sentensi yake mwenyewe: “juu ya zile alizokuwa akichukua kila mwezi.” Niliifungua akaunti ya sasa ya dada, ile inayoonyesha ubia unamdai au yeye anaudai ubia kiasi gani. Upande wa krediti kulikuwa na mshahara wa 1,800,000. Upande wa debiti hakukuwa na hata shilingi moja aliyochukua. Kwa mujibu wa akaunti hiyo, dada hakuwahi kulipwa mshahara mwaka mzima, na mimi mwenyewe nilimkabidhi fedha hizo mkononi mara 12.

Ndipo nikaelewa. Mshahara wa mbia si gharama ya biashara. Mbia ni mwenye mali, na mshahara wake ni namna ya kumgawia faida yake mapema kidogo kuliko wenzake. Fedha anayochukua kila mwezi ni uchukuaji, kama vile angechukua fedha ya matumizi ya nyumbani. Mimi niliutoa mshahara mara mbili: mara ya kwanza ndani ya gharama, kabla ya kupata faida, na mara ya pili ndani ya mgawanyo. Ile mara ya kwanza ilikula faida ya watu wote, na ile ya pili iliwapa dada na mimi haki ambayo tulikwisha kuila.

Marekebisho yalikuwa ingizo moja tu. Debiti akaunti ya sasa ya dada 1,800,000, debiti yangu 600,000, krediti gharama ya mishahara 2,400,000. Mishahara ya vibarua ikabaki palepale, maana hiyo ni gharama kweli. Faida halisi ikapanda hadi 4,720,000. Ukitoa 3,220,000 za riba na mishahara, zinabaki 1,500,000 za kugawana: mjomba 600,000, dada 600,000, mimi 300,000.

Haki ya mjomba ikawa 1,080,000. Ya dada ilikuwa 2,560,000, lakini alikwisha kuchukua 1,800,000, kwa hiyo anadai 760,000. Yangu 1,080,000, nimekula 600,000, zimebaki 480,000. Sasa jumlisha madai hayo matatu: 1,080,000 na 760,000 na 480,000. Ni 2,320,000, jumla ileile ya mgawanyo mbovu. Ndiyo maana mizania haikugutuka. Yenyewe inajua jumla ya wanachodai wabia, haijui nani anadai nini. Kosa langu halikubadilisha jumla. Lilihamisha 960,000 za mjomba, 840,000 zikaenda kwa dada na 120,000 kwangu.

Tangu hapo nina kipimo changu, na huwa nakifanya kabla hata ya mizania. Nachukua akaunti ya sasa ya kila mbia mwenye mshahara, natazama kama debiti zake zinalingana na fedha alizopokea mkononi mwaka huo. Upande huo ukiwa mtupu na mtu amekuwa akilipwa kila mwezi, kuna mshahara umejificha kwenye gharama. Mitaji yenyewe naiacha kwenye akaunti zake pekee, isiguswe na mgawanyo wala uchukuaji, ili mwakani nisikokotoe riba juu ya faida ambayo mtu ameiacha tu hajaichukua.

Mwaka wa pili ukaleta jambo jingine, na safari hii halikuwa kosa. Kazi ilipungua, faida ikawa 2,460,000. Riba zilikuwa 880,000, maana milioni yangu ile sasa ilikaa mwaka mzima, na mishahara 2,400,000. Jumla 3,280,000. Pengo la kweli, 820,000.

Yule mshauri alisema kwa uhakika uleule kwamba faida isipotosha, riba inafutwa. Mwingine aliniambia nitoe vyote kamili, kinachopungua kigawanywe kama hasara. Kitabu kimoja kilisema lile la pili, kingine kikasema kila mtu apunguziwe kwa kadiri ya anachodai. Nilikasirika, kisha nikagundua kwa nini havipatani. Sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890, kifungu cha 24, inasema pasipo makubaliano hakuna mshahara wala riba ya mtaji, na faida ni sawa kwa sawa. Mkishakubaliana, vitabu vya huko hutoa riba na mishahara kamili na kugawa pengo. Sheria ya India ya 1932, kifungu cha 13, inasema mbia mwenye haki ya riba ya mtaji ataipata kutoka kwenye faida tu, na vitabu vya mkondo huo hupunguza kwa uwiano. Hakuna aliyekosea. Kila kimoja kimesimama juu ya sheria yake, na mkataba wetu ulikuwa kimya.

Nilimwonyesha mjomba njia zote mbili kwenye karatasi moja. Kwa njia ya kugawa pengo, yeye anabeba 328,000, anabakiwa na 152,000, dada 1,632,000, mimi 676,000. Kwa njia ya kupunguza, faida inatosha robo tatu ya madai, kwa hiyo kila mmoja anapata robo tatu: mjomba 360,000, dada 1,470,000, mimi 630,000.

Aliitazama muda mrefu ile karatasi. “Kwa hiyo mkataba wenu unanipa mimi 152,000.” Nikamwambia ndivyo ulivyosomeka, kwa sababu tuliandika kwamba riba na mishahara hutolewa kwanza, hatukuandika “kama faida inatosha”, na mshauri aliyetuandikia hakutuuliza. Dada ndiye aliyekata shauri. Alisema mwaka huo ufuatwe mkataba kama ulivyo kwa kuwa tulikwisha kuusaini, ila kabla hatujaondoka mezani tuongeze kifungu. Tuliongeza hiki, na kipo hadi leo: “Faida ya mwaka ikiwa pungufu ya jumla ya riba za mitaji na mishahara ya wabia, kila mbia atapunguziwa madai yake kwa uwiano wa madai hayo. Biashara ikipata hasara, hakutakuwa na riba wala mshahara, na hasara itagawanywa 2:2:1.” Mjomba alisaini wa kwanza, kisha akaomba atolewe milioni 1 kutoka akaunti yake ya sasa, iliyokuwa na 1,232,000. Niliandika debiti mbele yake, nikamwonyesha salio: 232,000.